Kwizi ya video ya kipepeo: maswali, majibu na kusahihisha (maksi 10)

Watoto waangalie video mara mbili kwanza, ya pili simamisha pale kiwavi anapojibandika kwenye tawi maana hapo ndo penye utamu wote.

1. Taja hatua 4 za maisha ya kipepeo kwa mpangilio. (4)
Yai, kiwavi, pupa, kipepeo. Kila hatua iliyokaa mahali pake maksi 1. Akiandika "mdudu wa majani" badala ya kiwavi mpe tu, kaelewa.

2. Kwa nini kiwavi anakula sana? (2)
Ili akue (1), na aweke akiba ya nguvu ya kutumia akiwa pupa maana humo ndani hali kitu (1). "Ana njaa" peke yake usimpe, muulize njaa ya nini, akifafanua vizuri kwa mdomo mpe maksi zake.

3. Ngozi ikimbana kiwavi anafanyaje? (1)
Anaivua, chini tayari kuna mpya.

4. Je, pupa amelala tu? Eleza. (2)
Hapana (1), mwili unajengwa upya, mabawa yanatokea (1). Hapana bila maelezo ni 1, ndiyo ni 0 hata kama kaandika mistari mitano.

5. Kipepeo anaonja jani kwa kutumia nini? (1)
Miguu. Wengi wataandika ulimi, ni kosa, warudishie kile kipande wajionee wenyewe.

Spelingi usikate maksi kabisa, tunapima walichoelewa.