Barua ya Kuandikisha Kikundi cha Mahujaji 23 kwa Safari ya Umra

4 Juni 2026

Kwa Mkurugenzi wa Wakala wa Safari,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa niaba ya kikundi chetu cha wanaume 10 na wanawake 13, naomba tuandikishwe kwa safari ya Umra ya kuondoka tarehe 12 Novemba 2026 na kurejea tarehe 25 Novemba, tukianzia Madina kwa usiku 4 kisha Makka kwa usiku 8. Tumeomba kuanzia Madina ili wazee wapumzike baada ya ndege, nasi sote tuhirimie Dhul-Hulaifa tukiwa tumetulia. Nimeambatisha orodha ya majina, nakala za pasipoti na picha. Humu nitawataja wasafiri kwa namba zao za orodha: wanaume ni 1 hadi 10, wanawake 11 hadi 23.

Majina yote nimeyanakili kutoka ile mistari miwili ya herufi na tarakimu iliyo chini ya ukurasa wa picha, si kutoka vitambulisho wala kwa kuambiwa. Kwenye nakala ya msafiri namba 12 wino umefifia, na tarakimu ya mwisho ya pasipoti yake inaweza kusomeka 3 au 8. Nimeishika pasipoti yenyewe mkononi na kuhakikisha kuwa ni 8. Namba 19 anajulikana kwa jina la mumewe hata kwenye kitambulisho chake, lakini pasipoti ina jina la baba yake, kwa hiyo tiketi na viza ziandikwe hilo la pasipoti. Namba 17 pasipoti yake inaisha tarehe 3 Machi 2027, yaani kabla ya kutimia miezi 6 tangu siku ya kurejea. Ameshaomba mpya, na nakuomba sana maombi yake ya viza yasipelekwe kwa namba ya zamani hata kama ya wenzake yako tayari.

Vyeti vya chanjo ya homa ya uti wa mgongo vitaletwa mwezi Oktoba, kwa kuwa chanjo yapaswa kuchomwa si chini ya siku 10 kabla ya kufika.

Kuhusu vyumba, tunahitaji vyumba 8 katika kila mji. Wanandoa namba 1 na 11, 2 na 12, 3 na 13 walale vyumba vya watu wawili. Namba 4 na 14 nao ni mume na mke, lakini wameomba wenyewe watengane, kwa sababu namba 15 ni mama mzazi wa namba 14, ana miaka 78, huamka usiku na huhitaji mtu wa kumshika mkono hadi msalani. Hawa wawili walale na namba 16, jirani yao wa miaka mingi, katika chumba cha watatu kilicho karibu na lifti, chenye bafu lisilo na kizingiti kirefu. Namba 17 hadi 20 wawe chumba cha wanne, na 21 hadi 23 cha watatu. Kwa wanaume, 4 hadi 7 wawe pamoja. Namba 9 ni baba yangu, ambaye hukoroma kwa nguvu. Mimi na ndugu yangu namba 8 tumezoea, basi tupangwe naye tusije tukawanyima wengine usingizi wa kabla ya alfajiri. Mpango huu kila mmoja ameukubali kwa kinywa chake, kwa hiyo hoteli ikilazimika kuubadilisha, naomba niulizwe kwanza.

Malipo tunaomba yawe ya awamu 5, kila moja asilimia 20 ya gharama ya msafiri: amana ya leo, kisha tarehe 5 ya Julai, Agosti, Septemba na Oktoba. Namba 5, 18 na 20 ni wakulima na fedha zao hupatikana baada ya mavuno. Wao wametoa amana kama wengine, watalipa asilimia 40 tarehe 31 Agosti na asilimia 40 iliyobaki tarehe 5 Oktoba. Nakuomba nafasi zao zisiachiliwe kati ya miezi hiyo. Stakabadhi iandikwe kwa jina la kila msafiri, si la kikundi, kwa sababu hizi ni fedha zilizodunduizwa kidogokidogo, na akifariki mtu au akinyimwa viza, warithi wake au yeye mwenyewe wawe na karatasi ya kudai.

Kabla ya tarehe 18 Juni naomba jibu la maandishi litakaloeleza kiasi kinachorejeshwa msafiri akijiondoa baada ya kila awamu, na siku ya mwisho ya kubadilisha jina kwenye tiketi. Awamu ya Julai nitaikusanya baada ya kuwasomea wenzangu jibu hilo.

Wabillahi tawfiq,

Katibu wa kikundi, msafiri namba 10