Punguzo la leso kwa wateja wetu, Ijumaa hadi Jumapili, Mtaa wa Biashara, Mombasa

ALHAMISI, SAA TATU NA NUSU ASUBUHI (kwa wateja wote)

Asalaam aleikum, mteja wetu. Kuanzia kesho Ijumaa tarehe 7 hadi Jumapili tarehe 9 Agosti, leso zote za pamba tupu katika duka letu la Mtaa wa Biashara zitauzwa shilingi 640 kwa jozi badala ya 800. Bei hii ni ya waliokwisha kununua kwetu. Njoo na simu hii, au ujibu NDIYO upate maelezo kamili. Ukipenda tusikutumie tena matangazo, jibu ONDOA.

ALHAMISI, BAADA YA JIBU LA NDIYO

Tunakushukuru kwa kujibu. Haya ndiyo maelezo kamili, na tunaomba uyasome mpaka mwisho kabla ya kutoka nyumbani au kutuma pesa.

Tumepunguza bei kwa sababu mzigo mpya wa leso unatarajiwa katikati ya mwezi, nasi tunahitaji nafasi kwenye rafu kabla haujafika. Tungeweza kutundika bango mlangoni na kumuuzia kila apitaye, lakini tuliona si haki mtu aliyetununulia mwaka mzima, mvua na jua, aje apate habari kwa jirani wakati leso nzuri zimekwisha chaguliwa. Ndiyo maana ujumbe huu umekwenda kwanza kwa nambari zilizoandikwa kwenye daftari letu la mauzo. Ukifika dukani, mtajie muuzaji nambari yako ya simu naye ataitafuta. Huna haja ya kuleta risiti, ingawa ukiwa nayo kazi itakuwa nyepesi zaidi.

Bei ni hizi. Leso nzito ya pamba tupu inashuka kutoka shilingi 800 hadi 640 kwa jozi. Leso nyepesi yenye mchanganyiko wa polista inashuka kutoka 500 hadi 400. Kikoi cha kiume, cha rangi yoyote, kinashuka kutoka 1,250 hadi 1,000. Dera zilizokwisha kushonwa zitauzwa 850 badala ya 1,000. Mabaibui na mitandio hatukuipunguzia bei, na tunalisema mapema ili asije mtu kutoka Mtwapa au Ukunda kwa ajili ya baibui akarudi na masikitiko. Hatukupandisha bei wiki iliyopita ili tuishushe wiki hii: bei ya kawaida iliyotajwa hapa ndiyo ile ile uliyonunulia mwezi wa Julai, na ukiwa na risiti ya mwezi huo unaweza kuilinganisha mbele yetu.

Kwa wanaoshona sare ya harusi au ya Maulidi, ambayo mwaka huu inaangukia mwishoni mwa mwezi huu wa Agosti, tumeweka bei ya pekee. Anayenunua jozi 20 au zaidi za leso moja ya pamba tupu atalipa shilingi 600 kwa kila jozi, yaani shilingi 12,000 kwa jozi 20 badala ya 16,000. Akina mama wa chama kimoja wanaweza kuchanga na kununua kwa jina la mmoja wao, mradi yeye awe ndani ya daftari letu. Tunaomba sana mtu wa sare asingoje Jumapili, kwa kuwa leso moja ikibaki jozi 14 hatuwezi kuzifanya 20, na si vizuri wanawake sita katika msafara wa bibi harusi wavae pindo tofauti na wenzao.

Uchague pia kwa kusoma. Rangi na mji wa leso huonekana kwa mbali, lakini jina huandikwa kwa herufi ndogo, na ndilo litakalosemwa na leso hiyo kila utakapoivaa. Kwenye rafu ya kushoto ukiingia tumepanga zile za heshima na upendo, kama vile "Nani kama mama" na "Wema hauozi", ambazo unaweza kumpelekea mama mzazi, mama mkwe au mwalimu wa madrasa bila wasiwasi wowote. Zile za mafumbo na vijembe ziko rafu ya kulia, na tumezitenga kwa makusudi. Yuko mteja aliyewahi kuchukua jozi kwa haraka, akaipeleka kwa wifi yake kama zawadi, na jina lake likaleta maneno ambayo hayakukusudiwa kabisa. Muulize muuzaji akusomee kwa sauti ikiwa miwani umeiacha nyumbani. Hilo ni sehemu ya kazi yetu.

Kisutu, ile leso ya bibi harusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, imo ndani ya punguzo hili. Tunaitaja peke yake kwa sababu kila mara tunapopunguza bei watu hudhani kisutu kitaachwa nje, na kwa sababu kwetu sisi wauzaji hakuna leso nyingine inayotupa furaha kuikunjua mezani mbele ya mama na binti yake. Zimebaki jozi 31.

Leso huuzwa ikiwa haijakatwa. Ukitaka tuikate na kuipinda, fundi wetu yupo nyuma ya duka na malipo yake ni shilingi 50 kwa jozi, ambayo hayakupunguzwa kwa kuwa ni riziki yake na si yetu. Leso ambayo haijakatwa wala kufuliwa tutakubali kuibadilisha kwa nyingine ya bei ile ile hadi Ijumaa tarehe 14 Agosti. Ikishakatwa hairudi, kwa hiyo tafadhali ikague pande zote mbili, uisome jina na uhakikishe hakuna doa la rangi kabla fundi hajashika mkasi.

Ijumaa tutafungua saa mbili asubuhi, tutafunga saa sita kwa ajili ya sala, kisha tutafungua tena saa nane hadi saa kumi na mbili na nusu jioni. Jumamosi tutakuwa wazi saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni bila kufunga. Jumapili ni saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana tu.

Kwa mteja aliye mbali, iwe Lamu, Malindi, Voi au Nairobi, tutakutumia picha za leso zilizopo, utachagua, utalipa kwa M-Pesa, na mzigo wako utapelekwa kwenye basi au kwa mtu utakayemtaja. Nauli ya mzigo ni juu yako, nasi tutakujulisha kiasi chake kabla hujalipa. Nambari ya malipo ni ile ile iliyochapishwa chini ya risiti zetu na kubandikwa juu ya meza ya muuzaji. Hatujaibadilisha na hatutaibadilisha kwa ujumbe wa simu. Mtu yeyote atakayekupigia akijidai ametoka dukani kwetu, akakupa nambari nyingine au kukuuliza nambari yako ya siri, si wa kwetu, na tunakuomba usimtumie hata shilingi moja.

IJUMAA, SAA MOJA NA NUSU ASUBUHI (kwa wateja wote)

Sabalkheri, mteja wetu. Punguzo la leso limeanza leo na duka litafunguliwa saa mbili. Leso ya pamba tupu ni shilingi 640 kwa jozi, na sare ya jozi 20 au zaidi ni 600 kwa jozi. Tutafunga saa sita hadi saa nane kwa sala ya Ijumaa. Ukitoka Likoni, tafadhali ipange safari yako ya feri usije ukafika wakati mlango umefungwa. Kuacha kupokea matangazo, jibu ONDOA.

JUMAMOSI, SAA MBILI USIKU (kwa walioagiza kwa picha)

Tunaomba radhi kwa kosa letu. Leso ya manjano yenye pindo la korosho, tuliyokutumia picha yake leo asubuhi, ilikuwa imekwisha tangu saa tano, lakini picha iliendelea kutumwa hadi alasiri. Wateja wanne wamekwisha kuilipia. Kila mmoja wao amepigiwa simu na duka jioni hii, akapewa nafasi ya kuchagua leso nyingine ya bei ile ile au kurudishiwa pesa zake zote pamoja na gharama ya kutuma, na waliotaka pesa wamerudishiwa kabla ya ujumbe huu kuandikwa. Ikiwa wewe ni mmoja wao na hujapigiwa, tupigie kwa nambari iliyo kwenye risiti hata kama ni usiku. Leso hiyo hiyo ya rangi ya kijani bado ipo, na kuanzia sasa kila picha itatumwa pamoja na idadi ya jozi zilizobaki wakati huo.

JUMAPILI, SAA MBILI NA NUSU ASUBUHI (kwa wateja wote)

Mteja wetu, leo ndiyo siku ya mwisho ya punguzo, na duka litafungwa saa saba mchana. Zimebaki jozi 9 za kisutu, vikoi vya buluu na vyeupe, na leso za pamba za rangi nyingi kwa shilingi 640. Leso za sare za kutosha jozi 20 zimebaki za aina tatu tu: ya zambarau, ya kijani na ile ya nyekundu yenye maua meupe. Ukiwa njiani na unaona utachelewa, tupigie kabla ya saa saba uitaje leso unayoitaka, nasi tutakuwekea kwa bei ya punguzo hadi kesho Jumatatu saa nne asubuhi. Kuacha kupokea matangazo, jibu ONDOA.

JUMAPILI, SAA TISA ALASIRI (kwa waliolipia mizigo ya mbali)

Mzigo wako umefungwa, umeandikwa jina lako na nambari yako ya simu, na utaondoka kesho Jumatatu kwa basi la asubuhi. Baada ya mzigo kukabidhiwa tutakutumia picha ya stakabadhi ya basi ili uweze kuuchukua bila usumbufu. Leso zako hazijafuliwa. Unapozifua mara ya kwanza, ziloweke peke yake katika maji baridi yenye chumvi, na usiichanganye nyekundu na nyeupe. Ukizifungua ukakuta dosari yoyote, tupigie kabla ya kuzikata, na tutakubadilishia kwa gharama yetu, nauli ya kwenda na ya kurudi.