Re: Ombi la kukutana kwa saa moja kuhusu sabuni ya mwani

Waalaykum salaam Rehema mdogo wangu, habari za Dar na hali ya mama? Ujumbe wako nimeusoma wote mpaka mwisho na umenifurahisha, maana wengi wananiandikia "dada nataka kujua kuhusu mwani" basi wanaishia hapo, wewe umeeleza umeshafika wapi na umekwama wapi. Usione vibaya nimechelewa kujibu.

Kuhusu kuja Paje Jumamosi tukae saa moja, hiyo saa sina, si Jumamosi hii wala wiki ijayo. Bamvua ndo linaingia, maji yanatoka mbali kuanzia saa tatu hivi asubuhi na kina mama wote wanaingia shambani kuvuna na kufunga mbegu mpya kwenye kamba, mimi nakuwa nao mpaka maji yarudi, mchana tunaanika na wingu likionekana tu ni mbio kukusanya na kufunika, jioni sasa ndo naingia kwenye sabuni kwa sababu kuna oda ya hoteli lazima itoke. Halafu nikufikirie wewe, boti, gari mpaka huku pwani, ufike unikute niko majini, nauli imekwenda na siku imekwenda. Hilo sitaki likukute.

Ninachoweza kukupa ni simu ya dakika 15, Jumanne au Alhamisi, saa mbili na nusu usiku baada ya isha. Chagua siku, nitakupigia mimi kwa wasapu. Ni dakika 15 kweli, saa tatu kasorobo nakata kwa sababu nina sabuni za kukata kabla hazijawa ngumu, ila ndani ya hizo dakika nitakuwa na wewe tu, simu nyingine sipokei na mtu akinigongea mlango atasubiri.

Sasa ili tusizimalize kwa mambo yanayojibika kwa maandishi, nakujibu hapa hapa yale niliyoyaweza.

Umeuliza mwani gani ununue. Huku tunalima aina mbili tangu kilimo hiki kianze kibiashara mwaka 1989, spinosam na kotoni. Kotoni bei yake ni nzuri zaidi lakini maji ya kina kifupi siku hizi yanapata joto sana, mwani unapauka unakatika na mama anabaki na kamba tupu, kwa hiyo utakaoukuta kwa wingi ni spinosam. Kwa sabuni spinosam inatosha kabisa, asikudanganye mtu ukanunua kwa bei ya kotoni bila sababu. Nunua uliokauka, uoshe kwa maji baridi ya bomba mara kadhaa mpaka chumvi na mchanga vitoke, uanike tena, ndo usage, na uchekeche kwa chekeche laini, maana ukibaki na chenga sabuni inakwaruza ngozi na mteja harudi.

Na hapa nakuomba kitu Rehema. Usije ukawabana kina mama bei. Mwani mbichi kilo saba mpaka kumi ukikauka unabaki kilo moja, na huyo mama amesubiri wiki sita hivi mpaka uvunwe, ameinama kwenye maji ya chumvi na jua la utosi, kisha anauza mkavu kwa pesa ndogo unaokwenda nje kutolewa ule utelezi wake wa kutia kwenye dawa ya meno na vyakula. Sisi tulioingia kwenye sabuni tumeingia ili thamani ibaki huku. Kipande chako kimoja cha sabuni kinatumia mwani kidogo sana, ukimuongezea mama kwenye kilo, wewe hutahisi, yeye atahisi.

Kuhusu resipi, nimeona uliyotuma na kostiki yako ni nyingi, ndo maana sabuni inakuwa ngumu halafu inakausha mikono. Kwa kilo 1 ya mafuta ya nazi matupu mimi naweka kostiki gramu 170, maji gramu 350 hivi, na unga wa mwani kijiko kikubwa kimoja, usizidishe viwili. Pima kwa mizani, usipime kwa kikombe. Ukibadilisha mafuta, ukaweka mawese au alizeti, hiyo 170 si yako tena, kila mafuta yana kiwango chake cha kostiki. Na tafadhali, kostiki ndo inamwagwa kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya kostiki, inaruka usoni. Sufuria ya alumini weka mbali kabisa, tumia plastiki ngumu au stili, vaa glavu na miwani, na watoto wasiwepo jikoni. Nimeona kwenye picha mtoto amesimama karibu na ndoo na roho yangu haikutulia, naomba hilo ulirekebishe leo. Ukishakata vipande viache vikauke wiki nne hewani ndo uuze, hata kama wateja wanakusumbua.

Vibali, kwa kuwa unauzia Dar, wewe ni TBS, vipodozi vilihamia kwao kutoka TFDA mwaka 2019, kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia nenda TFDA habari zake ni za zamani. Anzia SIDO, mjasiriamali mdogo wanampa barua ya utambulisho ya kwenda nayo TBS, na wana mafunzo ya sabuni pia, nenda hata kama unajua kutengeneza, utakutana na wenzako mnaoweza kununua kostiki pamoja.

Kilichobaki ni lile swali lako la kuuzia hoteli na bei yako, na hilo siwezi kulijibu kwa kuandika kwa sababu inategemea hesabu zako, na mimi sijaziona. Hilo ndo tulipeleke kwenye simu, hilo tu. Mambo ya kupanua, mashine, kuajiri, yaache kwanza, kipande kimoja kikiwa hakikupi faida ukitengeneza vipande elfu unazidisha hasara tu.

Kwa hiyo kabla ya Jumatatu jioni nitumie kwa wasapu: kipande kimoja kinakugharimu shilingi ngapi ukihesabu mafuta, kostiki, mwani, gesi, karatasi ya kufungia na nauli, na jasho lako pia usilisahau, unakiuza bei gani, na umeshawahi kumuuzia nani nje ya ndugu na majirani. Andika tu kwenye karatasi upige picha isomeke, sihitaji kitu cha kompyuta. Nitaipitia usiku huo huo, nikikupigia tunaanza moja kwa moja kwenye hesabu, salamu zitoshe hizi za hapa. Kaa na kalamu, kaa sehemu yenye mtandao mzuri.

Zikiisha dakika 15 na bado kuna kitu, niandikie, nitakujibu polepole nikipata nafasi. Na kama Jumanne na Alhamisi zote hazikufai, sema, tutatafuta siku nyingine maji mafu yakiingia, ila itakuwa dakika 15 hizo hizo.

Niambie tu, Jumanne au Alhamisi?

Dada yako Mwanaidi, Paje