Majibu ya barua ya ajira: nafasi ya Mtunza Ghala badala ya Msimamizi wa Ghala

14 Machi 2025

Meneja Rasilimali Watu,

YAH: BARUA YENU YA AJIRA YA TAREHE 11 MACHI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nashukuru kwa barua hiyo na kwa muda mlionipa kwenye usaili wa tarehe 4 Machi. Niliomba kazi ya Msimamizi wa Ghala, nanyi mmenipa ya Mtunza Ghala, huku nafasi ya msimamizi ikibaki wazi. Sababu mliyonieleza kwa simu naikubali. Katika miaka 6 ya kazi ya ghala, 3 ya mwisho nikiongoza watu 5, nimetumia kadi za stoo na leja ya kompyuta. Hesabu ya mzigo kwa mashine za kuskani sijawahi kuiendesha.

Niko tayari kuwa Mtunza Ghala. Kilichonizuia kusaini ni kiambatisho cha majukumu.

Kina majukumu 9, na 7 kati yake ni ya mtunza ghala kweli: kupokea mzigo kwa kulinganisha oda, hati ya msafirishaji na mzigo wenyewe, kuupanga ili uliotangulia kuingia utangulie kutoka, kutoa kwa hati iliyosainiwa, na mengine ya aina hiyo. Namba 5 na namba 8 ni ya msimamizi. Namba 5 inanitaka niidhinishe kufutwa kwa bidhaa zilizoharibika au kupotea. Namba 8 inanitaka nisaini taarifa ya hesabu ya mwisho wa mwezi kwa niaba ya idara.

Namba 5 ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Tuseme mfumo unaonyesha katoni 120 na rafuni zipo 112. Aliyezipokea na kuzitoa ndiye atakayeandika kwamba 8 zimevunjika, na yeye huyo huyo aidhinishe zifutwe. Hapo hakuna jicho la pili. Hata akiwa mwaminifu kabisa, mkaguzi hatakuwa na sahihi nyingine ya kulinganisha, na mtunza ghala hatakuwa na namna ya kujitetea. Kuongeza mshahara hakuondoi kasoro hiyo. Kwa hiyo naomba jukumu hilo lipewe mtu asiyeshika mzigo, ama mhasibu ama meneja wa ugavi. Mimi nitaandaa orodha ya vilivyoharibika, pamoja na picha na namba za bechi, na kuiwasilisha kwake. Jukumu hilo likibaki kwangu sitaweza kuipokea kazi.

Namba 8 inazungumzika. Kama hakuna mwingine wa kusaini hadi msimamizi apatikane, naomba barua itamke kwamba nakaimu jukumu hilo, itaje posho ya kukaimu na tarehe ya ukomo, na hesabu ya rafuni ifanywe na mtu wa idara nyingine pamoja nami.

Mshahara mliotaja uko asilimia 20 chini ya ule wa msimamizi uliotangazwa. Kwa majukumu 7 ni wa haki, na siombi ubadilishwe.

Barua inasema nafasi ya juu "itaangaliwa baadaye". Naomba neno hilo lipewe tarehe, yaani 1 Oktoba 2025, baada ya miezi 6, pamoja na vipimo. Napendekeza hivi: niwe nimeendesha hesabu 2 kamili kwa mashine chini ya uangalizi, bidhaa ambazo idadi yake rafuni haikulingana na mfumo zisizidi asilimia 1 ya aina zilizohesabiwa, na hati za mapokezi ziwe zinaingizwa kwenye mfumo ndani ya saa 24. Nikivifikia, nifikiriwe kabla nafasi haijatangazwa nje. Siombi ahadi ya kupandishwa. Mafunzo ya mashine naomba yawe ndani ya mwezi wa kwanza, kwani nisipofundishwa, Oktoba itanikuta na upungufu ule ule ulionishusha sasa. Nikipanda, muda wa utumishi uendelee kuhesabiwa tangu siku ya kwanza, na miezi 3 ya majaribio isianze upya.

Kuna suala la tarehe. Mwajiri wangu wa sasa anahitaji notisi ya siku 14, nami sitaitoa kabla ya kusaini barua iliyorekebishwa. Nikisaini tarehe 18 Machi, siku ya mwisho ya ofa yenu, nitaanza kazi 1 Aprili kama mlivyopanga. Marekebisho yakihitaji siku zaidi, naomba muda wa kusaini na tarehe ya kuanza visogezwe kwa siku hizo hizo.

Kiambatisho nakirudisha pamoja na barua hii, namba 5 na 8 nikiwa nimezizungushia wino. Nitapatikana kwa simu siku za kazi kuanzia saa 10 jioni.

Wako mwaminifu,

Mwombaji wa nafasi ya Msimamizi wa Ghala, ombi namba 27