Mapendekezo ya mada za tasnifu: vijana wanaotoka vijijini kwenda mijini, Nyanda za Juu Kusini

Shikamoo Mwalimu,

Andiko langu la kwanza ulilirudisha likiwa na maneno mawili pembeni: "Hii tunaijua." Nilikuwa nimeuliza kwa nini vijana wanakimbia vijiji. Nilinuna siku mbili, kisha nikakubali. Jibu la swali lile lilikuwepo kabla hojaji haijachapishwa: hakuna ajira, ardhi imebana, mjini kuna umeme na raha zake. Hata dereva wa bajaji wa Mwanjelwa angeniandikia sura ya nne bila kushuka kituoni.

Safari hii nimeleta mada sita. Nimezipanga kwa jinsi zinavyonivutia mimi, si kwa ukubwa wa tatizo. Zote nimezipitisha kwenye swali moja nililolipata nyumbani Wanging'ombe nilipokwenda kuzika mwezi uliopita. Mzee mmoja alikuwa anahesabu vijana waliotoka kitongojini kwetu, na kila aliyemtaja alisema nauli yake ilitoka wapi. Huyu aliuziwa mbuzi. Huyu alitumiwa na kaka yake. Huyu "alichukuliwa". Mzee hakueleza zaidi, lakini kila aliyekuwa pale alielewa kwamba hao ni watu wa aina tatu tofauti.

Mada ya kwanza: Nani alilipa nauli? Chanzo cha fedha za safari ya kwanza na nafasi ya kijana mjini: vijana wa Wanging'ombe walioko Makambako na Jiji la Mbeya

Hii ndiyo ninayoiomba. Hoja yangu ni kwamba nauli ni mkataba ambao haukuandikwa. Kijana aliyeuziwa mbuzi na mama yake anakwenda mjini akiwa na deni la nyumbani: kila mwezi simu itaita kuuliza mbolea, ada ya mdogo wake, dawa za bibi. Aliyetumiwa nauli na kaka anafikia geto la kaka na kufanya kazi ya kaka, na akitaka kuhama kazi lazima kwanza ahame kitanda. Aliyejilipia kwa kibarua cha kuvuna viazi hana wa kumdai, lakini pia hana pa kufikia. Ukimuuliza kila mmoja wao kwa nini alihama, wote watakujibu "kutafuta maisha". Jibu ni lile lile, maisha hayafanani.

Kinadharia, mada hii inaniwezesha kubishana na watu kwa adabu. Todaro mwaka 1969 alimwona mhamaji kama mtu mmoja anayepima kipato anachotarajia mjini na kile alichonacho shambani. Stark na Bloom mwaka 1985 walisema kaya ndiyo inayoamua, na inamtuma mtu mmoja nje ili kugawanya hatari: mahindi yakikauka, kuna mtu mjini. Kwa ninavyoona nyumbani, wote wamegusa ukweli, ila sidhani kama kaya yenyewe ni kitu kimoja. Baba anaweza kukataa na mama akauza kuku kimya kimya. Mimi mwenyewe nilikuja Mbeya kwa madebe mawili ya mahindi ambayo baba alijua yameuzwa baada ya wiki. Kwa hiyo nitauliza pia nani alijua na nani alifichwa.

Kuna historia inayoshikilia mada hii. Wabena waliokwenda mashamba ya mkonge ya Tanga enzi za Mwingereza, wale tuliowaita manamba, safari yao iligharimiwa na waliowahitaji, na mkataba ukawabana. Wanyakyusa walishuka machimbo ya dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, na wengine wakavuka hadi migodi ya shaba ya ng'ambo ya mpaka. Uhamaji wa vijana wa kwetu haukuanza na simu janja, kama wanavyopenda kusema kwenye semina. Kilichobadilika ni mkono unaotoa nauli.

Nitahoji vijana 40, nusu Makambako na nusu Mbeya, wavulana na mabinti kwa idadi sawa, kisha nirudi kwenye kaya 15 walikotoka. Kijana nitamchukulia kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35, kama inavyosema Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007, lakini wenye chini ya miaka 18 nitahitaji ridhaa ya mzazi, na hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu wapo ambao mzazi hajui walipo. Nitawapata kwa njia ya mnyororo, mmoja anipeleke kwa mwenzake. Najua kasoro yake: waliopotea kabisa hawako kwenye mnyororo wa mtu yeyote. Ndiyo maana nataka kuanzia kijijini, kwa orodha ya mabalozi, badala ya kuanzia stendi.

Mada ya pili: Mabinti wa kazi za ndani na wale "wanaowachukua"

Neno "alichukuliwa" la yule mzee linaishi hapa. Iringa na Njombe zimejijengea jina kwamba ndiko wanakotoka dada wa kazi, hadi watu wa Dar es Salaam wanaagiza kama wanavyoagiza viazi: "nitafutie msichana wa Iringa." Usemi huo wenyewe ni data. Kijijini kwetu msimu unajulikana: mtihani wa darasa la saba ukishafanyika Septemba, huonekana mwanamke mwenye kitenge kipya, ana undugu wa mbali na fulani, analipa nauli yeye. Nauli hiyo hukatwa kwenye mshahara wa miezi ya mwanzo, au mshahara wote unatumwa kwake.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi. Swali langu lingekuwa jinsi mwanakijiji, dalali na mwajiri wanavyolitafsiri neno "nyepesi". Mada ni nzito na ina maana kubwa, lakini nina hofu mbili. Binti aliye ndani ya nyumba ya mtu siwezi kumhoji mbele ya mwajiri, na mimi ni mwanaume. Ungekuwapo uwezekano wa kuwa na msaidizi wa kike kwa miezi mitatu ningeipandisha ikawa ya kwanza.

Mada ya tatu: Mji wa njiani: Makambako, Mafinga na Tunduma kama hatua katika uhamaji wa vijana

Ravenstein aliandika mwaka 1885 kwamba wengi huhama mwendo mfupi na kwa hatua, na kwetu barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia na reli ya TAZARA vimezichora hatua hizo ardhini. Makambako ni njia panda ya kwenda Songea, Tunduma ni mpaka. Sensa ya 2022 ilionyesha asilimia 34.9 ya Watanzania wanaishi mijini, kutoka 29.6 mwaka 2012, lakini tukisikia "mjini" tunawaza Dar. Je, wanaofika Makambako wamefika, au wanapumzika? Mada ni safi na data zake zinapatikana. Haijanichoma moyo, basi. Inaweza kumezwa na ya kwanza kama sura moja.

Mada ya nne: Shamba la paina na kijana asiye na shamba

Mufindi, Kilolo, Njombe na Makete, watu wa mjini wamekuja kununua ardhi ya vijiji na kupanda paina na milingoti. Baba anauza ekari tano, anaezeka bati, anabaki na watoto wa kiume watatu na kiwanja. Paina inakaa miaka kumi na kitu ardhini, na ikishakua inahitaji watu wachache tu hadi siku ya kuvuna. Nauli katika mada hii inatoka kwenye ardhi yenyewe: kijana anapewa kipande cha fedha za mauzo na kuambiwa aende. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu sauti katika ugawaji. Ningependa kusoma mihtasari ya mikutano hiyo na kuona kama kuna kijana aliyesimama kusema. Tatizo ni mihtasari. Mtendaji mmoja niliyemdokezea alicheka, akaniambia daftari lipo ila kabati halina ufunguo.

Mada ya tano: Vinyungu na mita 60

Fupi tu. Bustani za mabondeni wakati wa kiangazi ndizo zilizokuwa zikimpa kijana wa Iringa na Njombe fedha yake mwenyewe, si ya baba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Pale ambapo katazo limesimamiwa, je, vijana wameondoka zaidi kuliko pale lilipofumbiwa macho? Ingefaa kwa mtu wa jiografia anayejua ramani kuliko mimi.

Mada ya sita: Hesabu ya jioni: bodaboda wa Jiji la Mbeya na umiliki wa pikipiki

Kijana anapewa pikipiki, kila jioni analeta hesabu kwa tajiri, au anaingia "mkataba" na baada ya muda chombo kinakuwa chake. Wengi niliozungumza nao Kabwe na Uyole wametoka Rungwe, Mbozi na Makete. Nataka kujua ni wangapi huumaliza mkataba. Nasita kwa sababu bodaboda wameandikwa sana, na utaniandikia tena yale maneno mawili.

Kulikuwa na ya saba, kuhusu uhamaji na virusi vya Ukimwi Njombe, mkoa ambao tafiti za kitaifa zimeuweka juu mara kwa mara: asilimia 14.8 mwaka 2011/12 na 11.4 mwaka 2016/17. Nimeiondoa mwenyewe. Kibali chake cha maadili kingekula mwaka mzima, na sitaki kwenda kijijini kwetu kuwauliza watu ninaowajua wamezikwa na nini.

Kuhusu ratiba: uwandani ningeomba niende mara mbili. Desemba, kwa sababu Krismasi wote wanarudi, na kijana akiwa kwao akinywa ulanzi na wenzake husema yale ambayo Mbeya hayasemi. Kisha Juni na Julai mahindi yakivunwa, maana ndipo fedha ya nauli inapopatikana na nitaona watu wakiondoka kwa macho yangu. Barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Njombe naihitaji kabla ya mwisho wa Oktoba, la sivyo Desemba inanipita na itabidi nisubiri mwaka mwingine. Ya Mbeya inaweza kuchelewa.

Nitapita ofisini Alhamisi saa nne. Ukiichagua ya pili badala ya ya kwanza, naomba tuzungumze kwanza kuhusu msaidizi.