Madam, Leo Mkutano Tumeitisha Sisi

(Inasomwa na wafanyakazi wote wa tawi la Kariakoo, Ijumaa jioni baada ya kufunga hesabu)

Madam kaa hapo mbele, leo mkutano tumeitisha sisi,
simu weka pembeni, ile kalamu nyekundu mpe mlinzi,
ajenda ni moja tu, kukuaga, hamna tageti hamna marejesho,
ukiwa na hoja vumilia, leo yetu, yako kesho.

Tuanze na zile dakika mbili zako, jamani zile dakika mbili!
"Njooni dakika mbili tu," saa moja na nusu asubuhi, chai haijashuka hata tumboni,
unaanza na amana unahamia mikopo chechefu unaishia kwa aliyeacha kikombe kichafu kwenye sinki,
tukigeuka wateja wamejaa mpaka kwenye ngazi na wewe ndo kwanza unasema "la mwisho kabisa", halafu linafuata lingine.

Na kiyoyozi je? Nje Msimbazi inachemka, Februari, watu wanalowa,
humu ndani umeweka 16, noti zinahesabiwa kwa vidole vilivyokufa ganzi,
dada wa dirisha la tatu anavaa sweta, Dar hii hii, wateja wanampa pole wanadhani ana malaria,
remoti iko kwenye droo yako ya chini, siku zote tulijua, tulikuheshimu tu mama yetu.

Kompyuta ikitoa jibu unaitikia kwa kichwa, vizuri,
halafu unavuta kikokotoo chako kile kikubwa, 5 imeshafutika kwenye kitufe, unapiga yote upya,
na miwani unaisaka ofisi nzima, unamuuliza mpaka mteja,
nayo iko juu ya kilemba.

Ila Madam kuna usiku ule, mwisho wa mwezi, hatutausahau,
kaunta moja imepungua elfu tisini na kijana wetu mgeni kazini kashaanza kutetemeka, anajua mshahara umeenda,
wewe hukufoka, ulivua viatu ukakaa chini sakafuni na bahasha ya vocha,
ukasema "tisini gawa kwa tisa, inaingia, basi hela haijaibiwa, mtu kageuza namba".
Tukapekua moja moja, mara hiyo hapo, 450,000 imeingizwa 540,000,
ukacheka, ukamwambia "umeona? sasa kale", ukamlipia na bajaji mpaka kwao Buguruni.
Kijana huyo leo anafundisha wageni hesabu ya tisa, na kila akifundisha anakutaja.

Na Julai 2021 soko lilipoungua, usiku wa Jumamosi,
Jumatatu wateja wetu walikuja macho mekundu, nguo bado zina moshi, mtu kaweka maisha yake yote kwenye kibanda,
wewe hukuwasubiri ofisini, ulitoka ukaifuata foleni ukawa unamshika mmoja mmoja mkono,
kisha ukakaa na kila mwenye mkopo mkapanga rejesho upya, mpaka wa mwisho, chakula cha mchana kikapoa mezani.
Wale wamama wa vitenge mpaka leo wakipita wanauliza kwanza wewe, salio baadaye.

Wenzetu waliorudi kutoka uzazi nao wametutuma,
sheria inampa mama saa mbili kwa siku za kunyonyesha, tunajua, ila kujua ni kitu kimoja na foleni ni kitu kingine,
wewe ulisema "nenda kamnyonyeshe mwanangu, dirisha nakaa mimi",
na ukakaa kweli, meneja mzima unagonga mihuri, pole pole tena, wateja wakanung'unika, nasi tukafurahi mpaka basi.

Haya, Dodoma wamekuchukua, hatuna la kufanya,
Jumapili unapanda treni ya umeme, mchana unakula zabibu,
enyi wa Dodoma mkisikia "dakika mbili" kunyweni chai kabisa, vikombe osheni,
na mkimuona kanyamaza sana mbele ya hesabu msiogope, ndo anaiona hapo.

Zawadi yetu hii hapa, fungua. Ndiyo, sweta.
Juni na Julai kule upepo hauna mzaha, sasa na wewe uvae,
kuna na kikokotoo kipya, cha zamani tunaomba kibaki hapa tawini, tumeshakigombania,
dirisha la tatu limeshinda.

Tunakupenda Madam, tunalisema wote kwa sauti, na walioko mlangoni wasikie,
umetulea, umetukalipia, umetufanya watu wa kazi,
namba yako tunayo, hesabu ikigoma saa tatu usiku tutapiga,
pokea.