Koloni Kumi na Nne

Sahani ya mwisho kwenye rundo ndiyo iliyomkalisha Neema kitini. Alikuwa ameiandika CHUMVI TUPU, maana haikuguswa na tone la maji ya ziwa. Juu ya agari yake, rojo gumu la kulishia bakteria, iliwekewa mililita 0.1 ya maji ya chumvi ya asilimia 0.85, yale yale aliyozimulia sampuli zote. Baada ya saa 48 ndani ya inkubeta ya nyuzi 35, ilitakiwa itoke safi kama ilivyoingia. Ilitoka na koloni 14, vishada vya bakteria walioota, nyeupe, kavu, bapa, kingo zimechanika kama chapati iliyokatwa kwa mkono.

Ilikuwa Jumatatu. Ripoti ilitakiwa Ijumaa.

"Itupe pamoja na taka za otoklevu," Baraka alisema kutoka meza ya pili. "Andika kwamba sahani za kulinganishia zilikuwa safi. Ile ya agari tupu si imetoka safi? Basi hujadanganya sana."

Neema hakumjibu. Alivuta daftari lake. Swali la utafiti lilikuwa dogo: bakteria wa jumla katika mililita moja ya maji ni wangapi pale mwaloni Kirumba, Mwanza, boti zinaposhusha dagaa, na ni wangapi upande wa Capri Point? Alichota kina cha sentimita 30, chupa zikakaa kwenye boksi la barafu, na akapanda kabla saa sita hazijapita tangu kuchota. Kila sampuli aliizimua mara 10, mara 100 na mara 1,000, sahani mbili kwa kila hatua, kisha akachukua wastani.

Kirumba: mara 10, koloni zimejaa hazihesabiki; mara 100, 212; mara 1,000, 33.

Capri Point: mara 10, 38, mara 100, 17, mara 1,000, 15.

Mstari wa pili aliusoma mara tatu. Ukizimua mara kumi, koloni hupungua karibu mara kumi: 38 ikifuatwa na 4, na baada ya hapo sahani iwe tupu au karibu na tupu. Hizi zilishuka hadi kumi na kitu, zikagoma hapo. Kitu fulani kilikuwa kinaongeza koloni kama 14 kwenye kila sahani, iwe ya maji mengi ya ziwa au machache. Mbali na agari, iliyotoka safi, kitu kilichokuwa sawa katika hatua zote ni maji ya chumvi. Hata kama angeitupa ile sahani, takwimu zenyewe zingemsema.

Alipomwendea fundi sanifu wa maabara, Mzee Masalu, alikuta anapanga mirija kwenye kikapu cha waya.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Leta hapa." Aliigeuza sahani kwenye mwanga wa dirisha. "Umepiga rangi?"

"Bado."

"Piga. Usiniambie ni uchafu tu. Uchafu una jina na una mlango ulioingilia."

Rangi ya Gram ilionyesha vijiti vya zambarau. Kijani cha malakaiti kilichopashwa kwa mvuke, kikafuatiwa na safranini, kikaonyesha zaidi: vijiti vyekundu, na ndani ya vingi tone la kijani. Spora. Bakteria wa jamii ya basilasi, ambao spora zao, maganda magumu ya kujihifadhia, hubaki hai hata kwenye maji yanayochemka.

"Chumvi yako uliitakasa vipi?" Mzee Masalu aliuliza.

"Otoklevu, nyuzi 121, dakika 15. Chupa mbili za lita moja."

"Dakika 15 ni za mirija. Lita nzima katikati yake hukawia kupata moto. Geji inasoma 121, moyo wa chupa haujafika. Lakini hayo ni maneno yangu, hayajawa matokeo. Chupa ya pili umeifungua?"

"Bado, Mzee."

"Basi unacho cha kujaribia."

Jumatatu hiyo hiyo alipanda mililita 0.1 kutoka chupa ya pili, na nyingine kutoka mrija wa mililita 9 uliokaa otoklevu dakika 15 zile zile. Aliacha pia sahani wazi mezani kwa dakika 15 ili kupima hewa. Jumatano chupa ya pili ilikuwa na koloni 11, zenye sura ile ile. Mrija, sifuri. Sahani ya hewa, ukungu mmoja wa kijivu.

Rasimu yake ya kwanza ya mjadala ilikuwa na sentensi moja tu juu ya jambo hili: *Matokeo yanaweza kuwa yameathiriwa na makosa ya kibinadamu.* Sentensi hiyo huandikwa na kila mtu, na haimwambii msomaji ni namba ipi aiamini. Neema aliifuta. Usiku wa Alhamisi aliandika hivi:

*Maji ya chumvi yaliyotumika kuzimua yalikuwa na bakteria wenye spora. Sahani yake ya kulinganishia iliota koloni 14. Chupa ya pili ya mkupuo huo, iliyopandwa mara tu ilipofunguliwa, iliota 11. Agari isiyopandwa ilikuwa safi, na mrija wa mililita 9 uliotakaswa kwa muda ule ule haukuota kitu. Kwa hiyo chanzo kinachoelekea zaidi ni muda mfupi mno wa otoklevu kwa chupa ya lita moja, wala si agari au hewa ya mezani.*

*Hatukutoa 14 kwenye kila hesabu. Sahani ya kulinganishia ilikuwa moja, na idadi ya 14 iliyotokana na sahani moja inaweza kuwakilisha wastani halisi wa kuanzia takriban 8 hadi 23. Kutoa namba moja kamili kungeonyesha uhakika ambao hatuna.*

*Kwa Kirumba, koloni 212 katika hatua ya mara 100 ni sawa na 212,000 kwa mililita. Hata uchafu ukiwa 23, inabaki 189,000. Hesabu inabaki karibu laki mbili, na tunaitetea. Kwa Capri Point, koloni 38 katika hatua ya mara 10 zingetoa 3,800 kwa mililita, lakini uchafu unaweza kuwa zaidi ya nusu ya koloni hizo. Thamani halisi inaweza kuwa popote kati ya takriban 1,500 na 3,000. Hatutoi namba moja kwa eneo hili.*

*Tunaweza kusema kwamba siku hiyo maji ya Kirumba yalikuwa na bakteria wengi zaidi kwa angalau makumi ya mara kuliko ya Capri Point. Hatuwezi kusema ni mara ngapi hasa. Hatuwezi pia kusema lolote kuhusu kinyesi, kwa sababu hesabu ya jumla haitofautishi bakteria wa utumbo na wa udongo.*

Baraka alisoma akiwa amesimama. "Watakukata alama za vitendo."

"Wakate."

Alikaa, akarudia aya ya pili. "Hii ya 8 hadi 23 umeipataje?" Neema akamsogezea daftari, akaanza kumchorea.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alikuwa tena mwaloni, dagaa wakianikwa, boksi la barafu begani. Maabarani mirija ya mililita tisa tisa ilikuwa imepangwa kwenye kikapu, na pembeni yake sahani tatu zilizoandikwa CHUMVI TUPU.